Amplifaya ikae juu ya mlingoti au chini kando ya kipokezi?

Watu wanaofunga vituo vidogo vya kupokea taarifa za ndege hapa Kisumu, kwa kutumia kipokezi cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye kompyuta, huniuliza mara kwa mara wafunge amplifaya wapi. Wengi huwa wameshaifunga ndani ya nyumba, kando ya kipokezi, kwa kuwa hapo umeme upo na mvua haifiki. Amplifaya hiyo hiyo ikipandishwa mlingotini, chini kidogo ya antena, kelele za mfumo zinaweza kupungua kwa zaidi ya desibeli 5, ilhali ukuzaji wa jumla haubadiliki hata kidogo. Ushauri wangu ni kwamba mtu afanye hesabu yake kwanza ndipo apande ngazi, kwa sababu kioo cha kompyuta, kama tutakavyoona, kinaweza kumpotosha.

Tuanzie kwenye kelele ambazo hakuna fundi awezaye kuziondoa. Elektroni ndani ya kila kifaa chenye joto hutikisika, na mtikisiko huo hutoa nguvu inayotegemea mambo mawili tu: halijoto na upana wa bendi unaosikilizwa. Wahandisi wamekubaliana kutumia kelvini 290 kama halijoto ya rejea, na kwa halijoto hiyo kila hezi 1 ya upana hubeba kelele za −174 dBm, yaani desibeli 174 chini ya miliwati 1. Ndege hutangaza mahali zilipo kwenye megahezi 1090, na bendi ya megahezi 2 inatosha kuzipokea. Upana wa hezi milioni 2 ni sawa na kuongeza desibeli 63, kwa hiyo sakafu ya kelele za joto ni −111 dBm. Kelvini 290 ni kama nyuzi 17 za Selsiasi, na bati la Kisumu saa nane mchana si nyuzi 17. Lakini hata kebo ikifika nyuzi 40, tofauti ni kama theluthi moja ya desibeli, kwa hiyo jambo hilo lisikukoseshe usingizi.

Juu ya sakafu hiyo kila kifaa huongeza kelele zake. Kipimo cha kelele cha kifaa hueleza kimeharibu uwiano wa mawimbi na kelele kwa kiasi gani, mawimbi yalipoingia na yalipotoka. Kebo nayo inahesabiwa: kebo inayopoteza desibeli 6 ina kipimo cha kelele cha desibeli 6, maana mawimbi hupungua lakini kelele za joto upande wa pili hubaki zile zile.

Vifaa vikifuatana, tunatumia kanuni aliyoichapisha Harald Friis mwaka 1944:

```
F = F1 + (F2 - 1)/G1 + (F3 - 1)/(G1*G2)
```

F ni kipimo cha kelele na G ni ukuzaji, na vifaa vinahesabiwa kuanzia upande wa antena. Humu hauingizi desibeli. Kila F na kila G lazima kwanza igeuzwe kuwa uwiano wa kawaida, na ni jibu la mwisho tu linalorudishwa kwenye desibeli. Nimeona hesabu nyingi zilizoharibika hapo, kisha mwenyewe anailaumu kanuni.

Chukua mfumo wenye kebo nyembamba inayopoteza desibeli 6, yaani hupitisha robo ya nguvu. Una pia amplifaya yenye ukuzaji wa desibeli 20, yaani mara 100, na kipimo cha kelele cha desibeli 1, yaani 1.26, na kipokezi chenye kipimo cha desibeli 7, yaani 5. Bila amplifaya, kebo na kipokezi hujumlika tu kuwa desibeli 13. Tukiiweka chini na kisha juu, tunapata:

```
Chini: F = 4 + 0.26/0.25 + 4/(0.25*100) = 4 + 1.04 + 0.16 = 5.20  (7.2 dB)
Juu:   F = 1.26 + 3/100 + 4/(100*0.25) = 1.26 + 0.03 + 0.16 = 1.45  (1.6 dB)
```

Angalia namba ya kwanza ya kila mstari. Amplifaya ikiwa chini, kebo imeshaleta 4 peke yake, na hakuna kifaa kinachokuja baadaye kinachoweza kuifuta. Ikiwa juu, ile 3 ya kebo inagawanywa kwa 100 na karibu inatoweka. Mchango wa kipokezi ni 0.16 kote kuwili, kwa sababu ukuzaji unaokitangulia ni ule ule wa mara 25, yaani desibeli 14. Sakafu halisi, ikipimwa kwenye antena, ni −103.8 dBm amplifaya ikiwa chini, na −109.4 dBm ikiwa juu. Kwenye anga wazi desibeli hizo 5.6 ni sawa na kuifuata ndege hadi umbali wa karibu mara 1.9, ingawa upeo wa macho una neno lake: ndege iliyo mita 10,000 juu huzama nyuma yake kwenye kilomita 400 hivi, na upande wa mashariki milima ya Nandi huikata mapema zaidi ikiwa inaruka chini.

Sasa kuhusu kioo cha kompyuta. Kijana mmoja wa Mamboleo aliniambia, “Fundi, nikiiweka chini mstari wa kelele unaruka juu sana, nikiipandisha unaruka kidogo. Si hiyo ina maana kule juu imelegea?” Alichokiona ni kweli, ila maana yake ni kinyume. Mawimbi ya ndege hupanda desibeli 20 popote utakapoiweka. Kelele kwenye mlango wa kipokezi hupanda desibeli 14.1 ikiwa chini na 8.6 tu ikiwa juu. Faida ni desibeli 20 ukiondoa zile ambazo kelele zimepanda: 5.9 ikiwa chini, 11.4 ikiwa juu.

Namba hiyo ya 8.6 ni kipimo kizuri cha kukagua kazi. Zima ukuzaji wa kujirekebisha kwenye programu na uuweke imara. Funga mzigo wa omu 50 kwenye mlango wa kipokezi, usome kiwango cha kelele. Kisha unganisha mfumo wote, ukiwa umefunga mzigo ule ule pale antena inapoingia kwenye amplifaya, usome tena. Kelele zikipanda kwa desibeli 8 au 9, mambo ni sawa. Zisipopanda kabisa, huenda volti 5 zinazopanda kupitia kebo hazifiki. Zikipanda desibeli 3 au 4 tu, fungua konekta ya juu: mara nyingi utakuta waya wa kati umegeuka kijani kwa maji ya mvua yaliyopenya chini ya utepe.

Hesabu hii ina mipaka yake. Minara ya simu ya megahezi 900 iko jirani na 1090, na amplifaya ikizidiwa nayo, kanuni ya Friis haina la kusema tena. Dawa ni kichujio, lakini kikitangulia amplifaya, upotevu wake unajumlishwa wote: kichujio cha desibeli 1 huipeleka 1.6 kuwa 2.6. Mimi hukiweka baada ya amplifaya kwanza, na hukihamishia kabla yake pale tu ninapoona ndege zikipotea kila ukuzaji unapoongezwa. Na kwa kuwa radi za ukanda huu wa Ziwa Viktoria hazina huruma, mlingoti uwe na waya wa ardhini kabla amplifaya haijapanda.