Kujumlisha namba tatu bila kungoja mbebo: niliyojifunza nilipojenga kizidishi

Kizidishi cha kwanza nilichokiunda kwa mkono, geti kwa geti, kilikuwa cha namba mbili za biti 8. Nilidhani kwamba kazi ngumu ingekuwa kuzidisha. Sivyo ilivyokuwa, kwa sababu kuzidisha biti moja kwa biti moja ni geti moja tu ya AND, na geti 64 za namna hiyo hukupa safu 8 zilizosogezwa hatua kwa hatua, kama zile tunazopanga tunapozidisha kwenye karatasi. Kazi yote iko katika kuzijumlisha safu hizo, na kinachochelewesha kujumlisha ni mbebo: ile moja inayotoka safuwima ya kulia kwenda ya kushoto, ambayo safuwima ya mwisho haiwezi kutoa jibu lake hadi habari ya mbebo kutoka kulia iwe imefika.

Kifaa kinachotumika hapa, ambacho katika programu zetu tunakiita `csa`, hakiharakishi mbebo. Kinakataa kuusukuma. Kinapokea namba tatu na kutoa namba mbili ambazo jumla yake ni ileile, kila safuwima ikifanya kazi yake peke yake bila kumtazama jirani. Chukua 13, 6 na 9, yaani 1101, 0110 na 1001. Katika kila safuwima uliza maswali mawili: je, idadi ya moja ni witiri, na je, moja ni mbili au zaidi? Jibu la swali la kwanza ni 0010, ambayo ni 2. Jibu la swali la pili ni 1101, na kwa kuwa kila mbebo una uzito wa safuwima iliyo kushoto kwake, lazima usogezwe hatua moja, uwe 11010, ambayo ni 26. Sasa 2 na 26 ni 28, na 13, 6 na 9 ni 28. Namba tatu zimekuwa mbili, na muda uliotumika ni wa kijumlishi kamili kimoja tu, iwe namba zina biti 4 au biti 64.

Kwa Verilog ni mistari miwili:

```verilog
assign s = x ^ y ^ z;
assign c = ((x & y) | (y & z) | (x & z)) << 1;
```

Ule `<< 1` ndio unaosahaulika. Ukiuacha, jibu la mfano wetu linakuwa 2 na 13, yaani 15. Upungufu wake ni 13, sawasawa na thamani ya mibebo kabla ya kusogezwa, kwa hiyo ukilinganisha tofauti na mibebo yenyewe utaona kosa mara moja.

Kutoka safu 8 hadi safu 2 unahitaji `csa` 6, kwa kuwa kila moja hupunguza safu moja tu, na idadi hiyo haibadiliki hata uzipange vipi. Kinachobadilika ni kina. Ukizipanga foleni, kila moja ikipokea matokeo ya iliyotangulia pamoja na safu mpya, ishara inapita ngazi 6. Ukizipanga kama mti, ngazi ya kwanza inachukua safu 6 kati ya 8 na kuzifanya 4, zile 2 zilizobaki zinapita bila kuguswa, na jumla ni 6. Kisha 6 zinakuwa 4, 4 zinakuwa 3, 3 zinakuwa 2. Ngazi 4. Kwa namba za biti 64, mti una ngazi 10 tu ilhali foleni ina 62, na hapo ndipo mti unapoonyesha thamani yake. Mpango huu ulipendekezwa na Mwaustralia Christopher Wallace mwaka 1964, na mwaka uliofuata Luigi Dadda wa Milano akaonyesha kwamba unaweza kubaki na ngazi zilezile huku ukitumia vijumlishi vichache zaidi, kwa kupunguza katika kila ngazi kiasi kinachohitajika tu.

Mwishoni zinabaki safu mbili, na hizo hazina njia ya mkato: lazima kijumlishi cha kawaida kiziunganishe, kikisukuma mbebo mara moja tu kwa kazi nzima. Nakusihi ukitilie maanani kijumlishi hiki cha mwisho kuliko mti wenyewe. Mimi nilijenga mti wangu kwa uangalifu mkubwa, kisha mwishoni nikaweka kijumlishi rahisi ambacho mbebo wake hupita safuwima moja baada ya nyingine, nikapima, na muda haukupungua kwa kiasi nilichotarajia hata kidogo. Nilitafuta kosa kwa siku kadhaa kabla ya kukaa chini na kuhesabu.

Hesabu ni hii. Vijumlishi rahisi 7 vya biti 16 vikifuatana havichukui 7 mara 16, kama nilivyokuwa nimeamini, kwa sababu cha pili huanza biti yake ya kulia mara tu cha kwanza kinapomaliza ya kwake, na mawimbi ya mbebo yanafuatana kwa karibu. Njia ndefu kuliko zote inapita vijumlishi kamili 16 na 6, yaani 22. Mti wangu ulikuwa na ngazi 4, halafu safuwima 16 za kijumlishi cha mwisho, yaani 20. Nilikuwa nimeokoa hatua mbili! Nilipokibadilisha kile cha mwisho na kuweka kinachotabiri mbebo kwa makundi ya biti, zile 16 zilishuka sana, na ngazi 4 za mti zikawa sehemu kubwa ya muda uliobaki. Kwa hiyo, kabla ya kuchora mti, amua kwanza utamalizia na kijumlishi gani. Kama ni kile rahisi, kwa biti 8 mti hauna faida inayostahili fujo ya nyaya zake.

Sasa nifike kwenye kosa lililonigharimu zaidi, ambalo linawapata hata watu wanaozielewa vizuri hatua zilizotangulia. Baada ya kizidishi kufanya kazi, nilipewa jukumu la kukiunganisha na kilimbikizi cha biti 24, kilichokuwa kikijumlisha mazao mengi yenye alama, hasi na chanya. Ili kuokoa muda, sikuziunganisha safu mbili za mwisho. Nilizihifadhi `s` na `c` katika rejista za biti 16, kisha kila moja nikaipanua kuwa biti 24 kwa kuirudia biti yake ya kushoto kabisa, kama tunavyoipanua namba yoyote yenye alama. Majaribio ya kizidishi yalipita yote. Kilimbikizi kilitoa majibu sahihi kwa muda, kisha ghafla kikawa na tofauti ya 65536, juu au chini.

Mfano mdogo wa biti 4 unaonyesha chanzo. Jumlisha 5, 6 na hasi 8, ambayo huandikwa 1000. Jibu ni 3. Kwa 0101, 0110 na 1000, `s` inakuwa 1011 na mibebo ni 0100, ambayo ikisogezwa inakuwa 1000. Ukiziunganisha ndani ya biti 4 unapata 11 na 8, jumla 19. Ukitupa 16 inayomwagika, inabaki 3, sahihi kabisa. Lakini ukizipanua kila moja peke yake, 1011 inasomeka hasi 5, 1000 inasomeka hasi 8, na jumla ni hasi 13. Tofauti ni 16 kamili. Sababu ni kwamba ile moja iliyoingia katika nafasi ya kushoto kabisa ya `c` haikuwa alama bali mbebo, wenye thamani ya 8 chanya, na jozi ya `s` na `c` haina alama yoyote unayoweza kuisoma katika namba mojawapo. Alama ni ya jumla yao, na jumla hiyo bado haijafanywa.

Tiba ni kupanua namba tatu zinazoingia, kabla ya `csa`, hadi upana utakaotumika mwisho. Kwa biti 6 tu, hasi 8 inakuwa 111000, `s` inatoka 111011, yaani hasi 5, na `c` inatoka 001000, yaani 8 chanya, na jumla ni 3. Kwangu ilimaanisha kuupanua mti mzima kutoka safuwima 16 hadi 24, gharama niliyoilipa kwa geti nyingi zaidi lakini bila kuongeza ngazi hata moja.

Wala usitegemee jaribio la kawaida likuonye. Sharti nililokuwa nimeliandika kwa kila ngazi lilikuwa hili:

```verilog
(s + c) == (x + y + z)
```

Katika Verilog, pale ambapo vipande vyote vina upana uleule, hesabu hii hufanyika ndani ya upana huo, na kinachomwagika hutupwa pande zote mbili, hivyo sharti linatimia hata katika mfano wetu wa biti 4. Linakamata mbebo usiosogezwa na waya uliounganishwa vibaya. Halikamati upanuzi uliofanywa mahali pasipofaa. Kwa hilo, weka sharti la pili mahali ambapo jozi inaingia kwenye upana mkubwa zaidi, ukilinganisha jumla iliyopanuliwa na zao lililohesabiwa kwa upana huo tangu mwanzo. Na ukiona tofauti ambayo kila mara ni kipeo kimoja kamili cha mbili, kilekile cha upana wa rejista zako, usipoteze muda kukagua mti.

Kwa namba zisizo na alama hali ni tulivu zaidi. Zao kubwa kuliko yote la biti 8 kwa biti 8 ni 65025, nalo halifiki 65536, na kwa kuwa jumla ya safu zote katika kila ngazi ni zao lenyewe, hakuna mbebo unaoweza kutoka nje ya safuwima ya 16. Ukiona moja ikitokea huko, kuna safu iliyosogezwa kupita mahali pake.

Neno la mwisho ni kwa wanaotumia FPGA, ambako nyaya maalumu za mbebo zina kasi kubwa kiasi kwamba kijumlishi cha kawaida mara nyingi hukishinda kile cha `csa` kilichojengwa kwa geti za jumla. Huko, andika `a * b` na uiachie programu ya usanisi itumie vizidishi vilivyomo tayari ndani ya chipu. Mti wa mkono nauhifadhi kwa chipu inayochorwa kuanzia mwanzo, na kwa jumla ya namba nyingi ambayo programu imeshindwa kuiunganisha kwa sababu nimekata matokeo ya katikati kwa upana mdogo. Na hata hapo, kwanza huondoa ule mkato na kuziandika namba zote katika usemi mmoja, kisha hupima tena.