Alikosa jibu, nikampa alama

"Wakuu, juzi nimefanya usaili wa stoo ya mazao. Hesabu moja nimeikosa kabisa, na mmoja wa jopo akawa anaandika huku anatikisa kichwa. Kuna aliyewahi kukosa hesabu akachukuliwa, au ndio basi tena?"

Mkuu, mimi nakaa upande wa pili wa hiyo meza. Niko Moshi, stoo ya kahawa, jina la ofisi tuliache. Nikusimulie usaili wa mwaka mmoja, Juni, wiki chache kabla msimu haujaanza.

Kulikuwa na baridi ile ya huku, mlima haujaonekana siku tatu. Akaingia binti mmoja, akasema "Shikamooni" kwa sauti ndogo, akakalia ukingo wa kiti. Karatasi mkononi ilikuwa inatetemeka. Nilidhani ni baridi, kumbe woga.

Swali letu lilikuwa hili: umepokea kilo 1,000 za kahawa ya maganda, unyevu asilimia 18. Ukiianika hadi asilimia 12, utabaki na kilo ngapi?

Wengi hutoa 18 kwa 12, wanapata 6, wanajibu kilo 940. Aliyemtangulia alijibu hivyo kwa kujiamini, dakika haikuisha. Binti huyu alichukua muda, akafuta, akaandika tena. Mwisho akasema, "Kilo 918."

Jibu sahihi ni 932 hivi. Kwa hiyo alikuwa mbali na ukweli kuliko yule wa 940. Mwenzangu akaweka sifuri na kufunua ukurasa. Mimi nikaomba karatasi yake, maana 918 sikuwahi kuisikia, nikataka kujua imetokea wapi.

Mstari wa kwanza alikuwa ameandika: maji kilo 180, kahawa kavu kilo 820. Chini yake: "820 haibadiliki." Hapo nikakaa vizuri. Jua linachukua maji tu, ile kavu inabaki ileile, na hicho ndicho kiini cha swali. Yule wa 940 hakukigusa. Kilo zake 940 zina maji 120 ndani yake, yaani karibu asilimia 12.8. Ukiifunga kwenye magunia ukiamini ni 12, umejiwekea ukungu stoo.

Kosa la binti lilikuwa hatua ya mwisho: alichukua asilimia 12 ya zile 820, akapata 98.4, akajumlisha. Lakini unyevu wa kahawa huhesabiwa juu ya uzito wote, maji yakiwemo.

Sikumwambia. Nikamuuliza, "Tuseme mvua imenyesha wiki nzima, hujaanika kabisa, unyevu bado 18. Kwa njia yako hiyo, utabaki na kilo ngapi?"

Akapiga: asilimia 18 ya 820 ni 147.6, jumla 967.6. Akaitazama. Akanitazama mimi.

"Mzee, hii haiwezekani. Kilo 32 zimekwenda wapi na sijaanika?"

"Mimi ndiye nakuuliza."

Kimya. Mwenzangu akaangalia saa. Kisha binti akasema polepole, "Ile 18 niliitoa kwenye 1,000. Hii 12 nimeitoa kwenye 820. Nimechanganya." Akaeleza kwamba aliwahi kusaidia maabara ya udongo wa barabara, na kule unyevu hugawanywa kwa uzito wa udongo uliokaushwa kwenye oveni. Ni kweli, kule ndivyo wanavyofanya. Mkono ulimpeleka alikozoea.

Akageuza: ikiwa maji ni 12 katika kila 100, kavu ni 88. Kwa hiyo 820 gawanya kwa 0.88. Akapata 931.8, na mkono ulikuwa umeacha kutetemeka.

Tulipobaki wenyewe tulibishana. Mwenzangu alisema nimemfundisha. Nikamwambia nilimpa mvua tu, kilo 32 kazikamata mwenyewe. Na kwa haki, yule wa 940 naye nilirudi kumwita, nikamuuliza ndani ya 940 zake maji ni kilo ngapi. Akajibu, "Asilimia 12, si ndivyo swali linavyosema?" Nikarudia swali, akarudia jibu.

Kwa swali lile tukampa binti saba kati ya kumi. Tatu nilizikata kweli, kwa sababu bila kuulizwa angeondoka na 918, na kahawa iliyokaushwa hadi 918 imeshuka chini ya asilimia 11: mkulima kapoteza uzito wa kuuza. Alianza kazi Julai.

Sasa mkuu, hujasema hesabu yako ilikuwa ipi. Weka hapa ulivyoenda hatua kwa hatua, hata ulichokifuta. Na jopo walikuuliza umefikaje hapo, au waliandika tu wakaendelea?