Aliyekuja Siye wa Kwenye Picha

"Mama, yule kaka ninayechati naye tunaonana kwa mara ya kwanza Jumamosi, Mlimani City. Mwenzangu wa kazini alikutana na wake akakuta hafanani kabisa na picha. Ikinitokea mimi, niondoke au nikae?"

Mwanangu,

Kabla hujakasirika, tazama kama ni yuleyule aliyebadilika au ni mtu mwingine.

Kubadilika si ajabu. Simu nyingi siku hizi zinalainisha ngozi zenyewe, mwenye simu asipogusa kitu. Ukijipiga selfi kamera ikiwa karibu, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Akupige picha mtu aliyesimama hatua mbili mbele yako, sura inakuwa nyingine. Selfi nyingine hugeuzwa kama kioo, baka la shavu la kulia ukalikuta kushoto. Hapo ongeza kilo na upara. Wewe angalia umbo la masikio, mwanya, kovu, na sauti uliyoizoea kwenye simu. Vikilingana, ni yeye.

Basi kaa. Agiza soda yako, ulipe mwenyewe, mpe nusu saa. Muulize kwa upole, "Zile picha ulipiga lini? Nimechelewa kukutambua." Akicheka akasema ni za miaka sita iliyopita, kabla hajanenepa, na kwamba aliona haya, huyo umeshaanza kumjua. Akishikilia ni za mwezi jana na wewe unaona wazi si kweli, au akakugeuzia kibao kwamba unajali sura tu, kunywa umalize uage. Baba yako alinitumia picha ya studio amevaa koti la kuazima, amepanda kigoda ili aonekane mrefu. Siku alipokuja kwetu alikiri hata chai haijaletwa, bibi yako akacheka mpaka akakaa chini.

Na kama ni yeye kweli lakini moyo umekataa, huna deni. Mshukuru kwa muda wake, mwambie hamtaendelea. Usisingizie kwamba mimi naumwa!

Akiwa mtu mwingine kabisa, usikae hata dakika moja, wala usidai maelezo. "Wewe siye niliyekuwa nawasiliana naye," inatosha. Rudi palipo na watu na walinzi, ita usafiri wako, usitoke nje mpaka usafiri huo ufike mlangoni. "Twende sehemu tulivu nikueleze" usiikubali, na gari lake usipande. Akikufuata, usielekee nyumbani moja kwa moja. Huyo mwenzako wa kazini ajue uko mgahawa gani na utarudi saa ngapi.

Lakini mbona tusubiri Jumamosi? Mpigie video Ijumaa jioni, dakika mbili tu, bila kumpa taarifa mapema. Kamera ikiharibika mara moja, mwelewe. Ikiharibika kila unapopiga, Jumamosi njoo kwangu tupike pilau.

Mama yako