Habari imejificha aya ya tano

Ukianza kazi kitengo cha mawasiliano, siku si nyingi utaletewa rasimu ya taarifa kwa vyombo vya habari uambiwe "inyooshe kidogo, itoke leo." Mimi ya kwanza niliyoletewa ilihusu mradi wa maji. Nimebadilisha tarakimu, mengine ni vilevile. Ilianza hivi:

"Katika kuunga mkono juhudi za Serikali za kumtua mama ndoo kichwani, shirika letu lina furaha kubwa kuutangazia umma kuwa limefanya hafla ya uzinduzi ambapo mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Wilaya..."

Itifaki imezingatiwa, lakini habari haijaanza. Ilikuwa aya ya tano: kisima kirefu kimekamilika na maji yameanza kutoka. Kwa hiyo usianze kwa kurekebisha sentensi. Soma yote ukiwa na kalamu, upigie mstari kitu ambacho jirani yako angemsimulia mwenzake. Hicho ndicho ukipandishe juu.

Kisha hakiki tarakimu kabla hujaandika neno. Rasimu ile ilisema kaya 300 sehemu moja, wakazi 1,800 sehemu nyingine. Nilimpigia fundi wa mradi. Kumbe 1,800 ni idadi ambayo pampu inaweza kuhudumia huko mbele. Waliopo sasa katika kaya hizo 300 ni 1,500. Mwandishi wa habari akikuta namba mbili zinazogombana hataandika hata moja, na huenda asikupigie kuuliza.

Aya ya kwanza ikawa hivi: "Wakazi 1,500 wa kijiji hicho wameanza kuchota maji katika vituo 6 vilivyo jirani na makazi yao, baada ya kisima kirefu kukamilika Jumanne, Juni 10. Awali walitembea kilomita 4 kufuata maji mtoni." Katika taarifa yenyewe, badala ya "kijiji hicho" liliandikwa jina kamili la kijiji na wilaya yake. Tarehe pia, kwa sababu "leo" yako itasomwa kesho. Furaha yetu ilitoka. Mkuu wa Wilaya alishuka aya ya tatu, na hapo bosi wangu alikunja uso. Nilimweleza kwamba mhariri mwenye nafasi finyu hukata kuanzia chini, hivyo kilicho juu ndicho kitakachobaki. Alikubali shingo upande.

Kichwa cha habari kiandike baada ya aya ya kwanza, kwa sababu kinatoka humo. Cha rasimu kilikuwa "HAFLA YA UZINDUZI WA MRADI WA MAJI YAFANA". Hafla kufana si habari kwa asiyealikwa. Tukaandika "Wakazi 1,500 waacha kufuata maji kilomita 4". Maneno saba, na kitenzi cha "waacha", jinsi magazeti yetu yanavyoandika.

Nukuu ndizo zilizonitoa jasho. Mkurugenzi alinukuliwa akisema: "Tunafurahi sana na tunawashukuru wadau wote." Maneno hayo angeweza kuyasema kwenye uzinduzi wa duka la viatu. Usimtungie mengine ukiwa mezani kwako. Mpigie, umuulize swali linalomlazimisha kufikiri. Nilimuuliza pampu ikiharibika itakuwaje. Akajibu: "Fundi anaishi hapohapo kijijini na kamati ya maji ina fedha za vipuri. Hatutaki kuitwa tena kuja kufufua kisima." Hiyo ni ahadi, na mwandishi anaweza kuirudia baada ya mwaka. Niliiandika kama alivyoisema, nikamsomea, akairidhia. Nukuu ya pili ilitoka kwa mama mmoja mchotaji, kwa ruhusa yake: zamani aliamka saa 10 alfajiri, sasa mwanawe anawahi shule. Mbili zinatosha. Ya tatu mara nyingi ni ya kumridhisha mtu.

Mwisho kabisa huwekwa aya ndogo ya "Kuhusu shirika": tunafanya nini, wapi, tangu lini, kwa fedha za nani. Sentensi tatu au nne. Dira na dhima ziache ukutani ofisini. Aya hii hunakiliwa toka taarifa hadi taarifa, ndiyo maana huoza kimyakimya. Niliwahi kutuma yetu ikitaja mradi uliokwisha miaka miwili nyuma. Mwandishi akaomba kuutembelea.

Chini yake weka jina na simu ya mtu atakayepokea hata saa 2 usiku, si namba ya mapokezi. Na maandishi yenyewe yabandike ndani ya barua pepe. Ofisi nyingi huchapa taarifa, huigonga muhuri, kisha huiskani. Muhuri unapendeza, lakini si rahisi mwandishi kunakili hata mstari mmoja, na hana muda wa kukuchapia upya.