Usiishie Kuwauliza Kama Wao ni Mestiso

Juma lililopita binti mmoja anayejiandaa kwenda Meksiko kwa shahada ya uzamili aliniandikia: "Dada, nchi inayojivunia kwamba kila mtu ni mchanganyiko, ubaguzi wa rangi utatoka wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa swali hilohilo lilinirudisha nyuma mwaka mzima.

Tasnifu yangu ya kwanza ilisimama juu ya dodoso fupi. Nilizunguka Jiji la Meksiko nikiwauliza watu asili yao, na karibu wote wakajibu "mestiso", yaani mchanganyiko wa Mhispania na mwenyeji wa asili, nami nikaandika kwa mbwembwe kwamba rangi haina uzito huko. Msimamizi wangu aliirudisha, akasema mbele ya wenzangu kwamba nilikuwa nimenakili hotuba ya serikali. Maneno yale yananiuma hadi leo, ingawa alisema kweli.

Nilidhani mestiso ni habari ya damu, kumbe ni jina lililosukumwa na serikali pia. José Vasconcelos, waziri wa elimu wa Meksiko kati ya 1921 na 1924, alisifu mchanganyiko katika kitabu chake cha 1925, lakini humohumo alitarajia kwamba weusi wangemezwa polepole hadi watoweke. Shule zilisukuma Kihispania, na kwa miongo mingi sensa ilimtambua mwenyeji kwa lugha yake. Hivyo mtoto wa Kizapoteki aliyeiacha lugha ya mama alihesabiwa miongoni mwa mestiso, huku ngozi yake ikibaki ileile machoni pa mwajiri. Weusi wa Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca, walisubiri hadi 2020 ndipo sensa ikawauliza kuhusu asili yao ya Kiafrika, na nchini kote wakajitokeza takriban milioni 2.6.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jina lisikutoshe, pima rangi. Niliporudi nilibeba kadi ya rangi 11 za ngozi, kama ile ya PERLA, mradi wa utafiti wa kabila na rangi katika Amerika ya Kilatini, nikaulinganisha uso wa mhojiwa na kadi kabla ya kumuuliza kiwango chake cha elimu, kwa maana ukishajua kwamba mtu ni mwanasheria, jicho lako humpaka weupe. Mwaka 2017 taasisi ya takwimu, INEGI, iliwaacha watu wajichagulie rangi wenyewe, na bado waliojiona weusi zaidi walikuwa na elimu ndogo. Nasisitiza tena: pima rangi, na uwatenge wanawake na wanaume, kwa kuwa jaribio la barua bandia za kuomba kazi katika jiji hilo lilionyesha kwamba wanawake wenye sura ya wenyeji waliitwa kwenye usaili mara chache zaidi, ilhali kwa wanaume tofauti haikuonekana wazi.

Mama mwenye nyumba niliyopanga, mestiso kwa tamko lake mwenyewe, alipata mjukuu mweupe wakati nikikusanya majibu yale ya kwanza. Alinikaribisha supu akiwa na furaha tele: "Tumeboresha mbegu." Dodoso langu halikuwa na mahali pa kuliandika neno hilo, siku hizi liko kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu.