Ukungu kwenye mkoba wa ngozi

"Mkoba wangu wa ngozi halisi ulikaa kabatini masika yote. Sasa una madoa meupe. Niufute na nini?"

Dada, kwanza hakikisha ni ukungu kweli. Pulizia doa moja hewa vuguvugu ya draya kwa sekunde chache: likiyeyuka na kupotea, ni mafuta ya ngozi yenyewe yaliyopanda juu, yafute tu kwa kitambaa kikavu. Lisipoyeyuka na lina harufu ya uvundo, ni ukungu.

Upeleke mkoba nje, vaa barakoa, upige brashi laini ukiwa mkavu, kwa sababu ukianza na maji utausambaza ukungu. Kisha changanya spiriti na maji nusu kwa nusu. Jaribu chini ya mkoba. Kitambaa kikitoka na rangi, acha, mpelekee fundi wa ngozi. Kisipotoka, futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisichochuruzika. Geuza bitana nje uifute pia, maana ukungu wa ndani ndio hurudi.

Anika kivulini penye upepo siku mbili. Jua kali huikakamaza ngozi na kuipasua.

Spiriti hukausha mafuta ya ngozi, kwa hiyo malizia na krimu ya ngozi isiyo na rangi, kiasi cha punje ya harage kwa kila upande. Usipake kabla haujakauka kabisa, utafungia unyevu ndani. Mafuta ya nazi achana nayo: huitia ngozi madoa na baadaye huchacha.

Hifadhi kwenye mfuko wa pamba, si wa nailoni. Ngozi ya swedi, ile yenye uso wa vinyweleo laini, haifuati njia hii.