Mashine "inauzwa" au "imetengwa iuzwe"?

*Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni karani wa kampuni ya barafu hapa Malindi. Mashine yetu moja tuliinunua Januari 2021 kwa shilingi 2,400,000, tukaipa miaka 10 ya kazi. Mwisho wa Juni 2025 wakurugenzi waliamua iuzwe. Katika ripoti niliandika: "Mashine inauzwa, uchakavu umesimama, na imewekwa kwa bei ya chini." Mkaguzi anasema nambari ni sawa ila Kiswahili kinapotosha. Wanahisa nao wauliza: uchakavu utasimamaje na kutu yaonekana? Niandikeje?*

Wa alaykum salaam, ndugu Karani. Wanahisa wako wamesoma vizuri ulichoandika. Uchakavu ni hali ya kitu kilichochakaa, na mashine iliyo karibu na upepo wa chumvi haiachi kuchakaa kwa sababu kikao kimeamua. Ila mhasibu anapotaja uchakavu hapimi kutu. Anachukua gharama ya kununulia na kuigawa katika miaka ambayo mashine italetea kampuni mapato. Kwenu ni shilingi 240,000 kwa mwaka, yaani 20,000 kila mwezi. Hayo ni makato ya vitabuni, na yana mkono wa mtu anayeyakata. Kwa hiyo tumia kitenzi chenye mtendaji: "tumeacha kukata uchakavu." Msomaji ataelewa mara moja kwamba kilichosimama ni kalamu yenu, si kutu.

Na kalamu inasimama kwa nini? Kwa sababu mgao ule ulikuwa na maana wakati gharama ikirudi kidogo kidogo kupitia barafu mnayouza. Sasa kilichobaki kitarudi kwa mkupuo mmoja, kupitia mauzo ya mashine yenyewe. Hilo ndilo wazo la Kiwango cha Kimataifa cha Kuripoti Hesabu namba 5, kilichotolewa mwaka 2004 na kuanza kutumika 2005.

Hapa watu wa pwani tunapaswa kuwa waangalifu zaidi, maana tuna msimu unaoweza kutudanganya. Kusi ikivuma na vyombo vikipungua baharini, mashine ya barafu inaweza kulala wiki nyingi. Kulala si kutengwa iuzwe. Mashine iliyolala inaendelea kukatwa uchakavu kama kawaida, ikiwa mmeugawa kwa miaka. Vivyo hivyo mashine iliyotupwa nyuma ya ghala kwa kuwa haitakiwi tena: hiyo imeachwa, na iliyoachwa haiingii katika fungu hili. Ukiandika "haitumiki" pale unapokusudia "imetengwa iuzwe", umebadilisha hesabu bila kujua.

Tuje kwenye "inauzwa". Kiambishi -na- hapo kinabeba mengi mno. "Mashine inauzwa" yaweza kuwa tangazo mlangoni, yaweza kuwa mnunuzi yuko ndani akihesabu pesa, na yaweza kuwa mkurugenzi alisema tu kwamba akipata bei nzuri hatakataa. Kiwango hakikubali utata huo. Kinataka mashine iwe inauzika sasa, katika hali iliyo nayo leo. Tazama jinsi kauli ya kutendeka inavyofaa: "inauzika" haisemi kwamba mtu anaiuza, yasema kwamba hakuna kinachozuia isiuzwe. Kama bado mnaihitaji hadi mashine mpya ifike na kufungwa, basi mnataka kuiuza, lakini bado haiuziki, na makato yanaendelea.

Pamoja na hayo, mauzo yawe karibu ya hakika. Wenye mamlaka wawe wamejifunga kwa mpango, mnunuzi awe anatafutwa kwa vitendo, bei inayotajwa ikaribiane na ya soko, na mauzo yatarajiwe kukamilika ndani ya miezi 12. Mkitangaza kwa shilingi milioni 2 mashine ambayo soko halitoi zaidi ya 1,310,000, mkaguzi ana haki ya kusema hamna nia ya kuiuza. Kwa hayo yote, neno langu ni "imetengwa iuzwe". "Imetengwa" yaonyesha uamuzi uliokwisha kufanyika, "iuzwe" yaonyesha lengo ambalo bado.

Neno lililonisumbua zaidi ni "bei ya chini". Kwa Kiswahili cha kila siku hiyo ni bei rahisi, na mwanahisa atadhani mnaitupa mali yake. Unachokusudia ni kulinganisha thamani mbili na kuchukua iliyo ndogo. Tuzipate. Kabla ya kuitenga mashine, mnakata uchakavu hadi siku ile. Kuanzia Januari 2021 hadi mwisho wa Juni 2025 ni miezi 54, sawa na shilingi 1,080,000. Inabaki thamani ya vitabuni ya 1,320,000. Upande wa pili, tuseme bei ya soko ni hiyo 1,310,000, na ada ya dalali na kazi ya kuifungua ni 80,000. Mtakachopata mkononi ni 1,230,000. Hii ndiyo ndogo, basi mashine inashuka hadi hapo, na tofauti ya 90,000 inaandikwa kuwa hasara ya mwaka huohuo, hata kabla mnunuzi hajaonekana.

Ona kwamba kusema "bei ya kuuzia" peke yake hakutoshi. Ungelinganisha 1,310,000 na 1,320,000 ungeandika hasara ya 10,000 tu. Gharama za kuuza lazima zitajwe ndani ya sentensi.

Bei ikipanda baadaye kabla ya kuuza, mnaweza kurudisha, ila kwenu si zaidi ya ile 90,000 iliyokatwa. Ziada yoyote inangoja siku ya mauzo. Na wakurugenzi wakighairi mwishoni mwa Desemba, mtahesabu kana kwamba hamkuacha kukata: 1,320,000 toa miezi 6, yaani 120,000, inabaki 1,200,000. Mtachukua hiyo, au kiasi ambacho mashine inaweza kurejesha kwa matumizi au mauzo, ikiwa ni kidogo zaidi. Hapo andika "imerudishwa kwenye matumizi". "Haiuzwi tena" haimwambii msomaji kwamba makato yamerudi.

Jambo moja la kuthibitisha na mkaguzi: yote haya ni ya viwango kamili. Kiwango cha kimataifa cha kampuni ndogo na za kati hakina fungu la mali iliyotengwa iuzwe. Huko mnaendelea kukata uchakavu hadi mashine itoke, na mpango wa kuiuza ni dalili tu ya kuwataka mpime kama thamani yake imeshuka. Kwa kuwa amekwambia nambari ni sawa, naamini mnafuata viwango kamili.

Ningeandika hivi: "Tarehe 30 Juni 2025 wakurugenzi waliitenga iuzwe mashine moja ya barafu. Kuanzia siku hiyo tumeacha kuikata uchakavu. Mashine imeandikwa kwa shilingi 1,230,000, yaani bei ya soko baada ya kutoa gharama za kuuza, kwa kuwa kiasi hiki ni kidogo kuliko thamani yake ya vitabuni ya shilingi 1,320,000. Hasara ya shilingi 90,000 imeingizwa katika hesabu za mwaka huu, na mashine imeonyeshwa katika mstari wake peke yake kwenye mizania."